Sura ya Tano: Koma Mbili na Pikipiki Tano

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Asante. Nimekuja kuulizia zile pikipiki. Zimeshafika, au bado ziko Arusha?"

"Pikipiki zipi, mwanangu?"

"Zile za kwenye barua, mama. Zetu sisi tuliobaki."

Mazungumzo hayo niliyasikia mjini Babati, katika ofisi ya shirika moja la kilimo ambalo sitalitaja jina. Nilikuwa nimekaa pembeni nikihariri mwongozo wao wa mafunzo. Aliyeuliza ni kijana afisa ugani aliyepangiwa vijiji vya upande wa Dareda. Aliyeulizwa ni mkurugenzi, mama mtu mzima ambaye kila barua pepe ya ofisi ile aliiandika kwa mkono wake. Hakujua kijana anazungumzia nini. Akafungua kompyuta, akaitafuta barua yake ya wiki tatu nyuma, akaisoma kwa sauti:

"Kuanzia tarehe 1 Julai, maafisa ugani, ambao wamepewa pikipiki za ofisi, hawataruhusiwa kudai nauli za kwenda vijijini."

"Sasa hapa nimekosea wapi?" aliuliza. "Si nimesema waliopewa pikipiki wasidai nauli?"

Yeye alikuwa amekusudia kusema hivyo. Barua ilikuwa imesema jambo lingine. Shirika lilikuwa na maafisa ugani 14. Tisa walikuwa wamegawiwa pikipiki mwezi Mei, watano hawakuwa nazo. Mkurugenzi alitaka wale tisa waache kudai nauli, kwa sababu sasa walikuwa na usafiri na mafuta ya ofisi. Lakini wale watano walisoma kwamba maafisa ugani wamepewa pikipiki, na kwamba hakuna atakayedai nauli. Hawakugoma wala hawakulalamika. Waliamini kuwa pikipiki zao ziko njiani, wakakaa kuzisubiri. Ilikuwa Julai, msimu wa kuvuna mbaazi, na vikundi vya wakulima vilikuwa vimeahidiwa mafunzo ya kukausha na kuhifadhi mavuno. Kwa wiki tatu, vijiji vya maafisa watano havikufikiwa na mtu.

Koma mbili ndizo zilizofanya hayo. Sura hii ni ya koma hizo mbili, na ya neno "ambao" lililokaa katikati yake.

Kuchagua na kuongeza

Tuishike sentensi ya mama yule, tuitazame kwa karibu. Koma ya kwanza, iliyo baada ya "Julai", haina ubaya. Inatenga tarehe na habari yenyewe, na hata ukiifuta hakuna anayepoteza kitu. Tuiache. Iliyobaki tunaweza kuiandika kwa namna tatu, na kila namna inabeba maana yake.

Namna ya kwanza haina koma: "Maafisa ugani ambao wamepewa pikipiki hawatadai nauli." Hapa maneno "ambao wamepewa pikipiki" yanafanya kazi ya kuchagua. Yanaingia katika kundi la watu 14 na kuwatoa tisa. Ukiyafuta, sentensi inabaki "Maafisa ugani hawatadai nauli", na idadi ya wanaoguswa inaruka kutoka 9 hadi 14. Maneno yanayobadilisha idadi yakifutwa ni sehemu ya jina la wahusika, na hayastahili kutenganishwa nalo kwa alama yoyote. Huwezi kumkata mtu jina katikati.

Namna ya pili ina koma mbili: "Maafisa ugani, ambao wamepewa pikipiki, hawatadai nauli." Hapa maneno ya katikati yanafanya kazi ya kuongeza. Kundi limeshatajwa lote, ni maafisa ugani, basi. Kisha mwandishi anatudokezea habari ya ziada kuhusu kundi hilo, kwamba limepewa pikipiki, halafu anarudi kwenye safari yake. Ukiyafuta maneno hayo, wanaoguswa ni walewale 14. Koma mbili hapa zinafanya kazi ya mabano. Ya kwanza inafungua, ya pili inafunga, na kilicho ndani yake kinaweza kuinuliwa bila kuibomoa sentensi.

Namna ya tatu ndiyo tunayoiona zaidi katika barua za ofisi zetu: "Maafisa ugani ambao wamepewa pikipiki, hawatadai nauli." Koma ni moja, nayo imekaa kati ya watu na tendo lao. Namna hii haichagui wala haiongezi. Koma inayofunga bila ya kuwepo iliyofungua ni kama bano lililoachwa peke yake. Msomaji mmoja ataipuuza na kusoma namna ya kwanza. Msomaji mwingine atadhani iliyofungua imesahaulika, naye atasoma namna ya pili. Barua ya sera inayosomwa kwa namna mbili na watu wawili wa ofisi moja imeshaunda sera mbili.

Habari zisizohitaji uchaguzi ni rahisi kuzitambua. Jina la kitu kimoja kinachojulikana halina cha kuchaguliwa ndani yake. Tukiandika "Ziwa Babati, ambalo lina viboko, liko karibu na mji", koma mbili ni lazima, kwa sababu hakuna Ziwa Babati lingine lisilo na viboko ambalo tungelichanganya nalo. Ndivyo ilivyo kwa "Mkoa wa Manyara, ambao ulianzishwa mwaka 2002". Kazi inaanza pale nomino inapotaja kundi: maafisa, wanachama, vijiji, madarasa, fomu, malipo. Barua za sera na mipango zimejaa nomino za aina hiyo. Takriban kila sentensi yake inagusa kundi, na kila kundi lina wanaohusika na wasiohusika.

Koma ya pumzi

Nilimuuliza mkurugenzi kwa nini aliweka zile koma. Jibu lake lilikuwa la kweli kabisa: "Sentensi ilikuwa ndefu. Nilitaka msomaji apumzike."

Wengi wetu tumefundishwa hivyo. Shuleni tuliambiwa kwamba koma ni mahali pa kupumzika kidogo, na nukta ni mahali pa kupumzika zaidi. Kwa mtoto anayejifunza kusoma kwa sauti darasani, funzo hilo linafaa. Likimfuata mpaka ofisini linamponza, kwa sababu pumzi na maana havisimami mahali pamoja kila mara. Katika Kiswahili kirejeshi huirefusha sana nomino. "Wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa ambao hawajakamilisha marejesho ya mkopo wa awamu ya kwanza" ni nomino moja yenye mkia mrefu. Aliyeitamka yote atahitaji pumzi kabla ya kusema watafanywa nini. Mkono unaifuata pumzi na kudondosha koma, na hapo ndipo koma ile ya peke yake inapozaliwa.

Sikio, hata hivyo, linajua zaidi ya tulichofundishwa. Jaribu kuisema namna ya kwanza na namna ya pili kwa sauti, kama unavyomwambia mwenzako mezani. Unapochagua, sauti inakwenda moja kwa moja kutoka "maafisa ugani" hadi "pikipiki", haishuki mahali. Unapoongeza, sauti inashuka baada ya "maafisa ugani", inapita chini kwenye habari ya ziada, kisha inapanda tena kwenye "hawatadai". Koma mbili ni alama za kushuka huko na kupanda huko. Haziandiki pumzi, zinaandika kiimbo. E. O. Ashton alipochapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1944, kwenye jina la kitabu aliweka wazi kwamba kinahusu pia kiimbo, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Sehemu ya sarufi yetu inakaa kwenye sauti.

Babati ni mahali pazuri pa kulifikiria jambo hili, kwa maana Kiswahili cha hapa kinakaa juu ya lugha nyingine. Wagorowa na Wairaqw wanazungumza lugha za Kikushi, Warangi na Wambugwe wanazungumza za Kibantu, na Wabarbaig wanazungumza ya Kiniloti. Katika Kiiraqw, nomino ikifuatwa na maneno ya kuieleza, mwisho wake hubadilika na toni yake hupanda, kwa hiyo msikilizaji anajua kabla hujamaliza kwamba maelezo yanakuja na kwamba yameshikana na nomino ile. Kiswahili hakibadilishi nomino. Kwenye karatasi kinabaki na njia chache za kuonyesha kwamba maelezo yameshikana au yameachana, na koma ni mojawapo.

Amba- haichagui wala haiongezi

Wapo wanaodhani tofauti hii imo katika umbo la kirejeshi. Wanasema "waliopewa" ni la kuchagua na "ambao wamepewa" ni la kuongeza. Ningependa iwe hivyo, kwa sababu ingeturahisishia kazi, lakini sivyo lugha inavyokwenda.

Tazama sababu. O-rejeshi, ile silabi inayoingia ndani ya kitenzi, haikubaliani na kila wakati. Katika Kiswahili sanifu inakaa na -na-, -li- na -taka-, na kwa ukanushi inakaa na -si-: wanaolipa, waliolipa, watakaolipa, wasiolipa. Haikai na -me- wala na -ja-. Hatusemi "wamelipao" wala "hawajalipao". Tukitaka wakati huo, hatuna budi kuiita amba-: ambao wamelipa, ambao hawajalipa.

Sasa fikiria barua ya chama cha akiba na mikopo. Sera inasema mkopo mpya hautatolewa kwa watu fulani. Je, ni "wanachama wasiolipa ada" au "wanachama ambao hawajalipa ada"? Wa kwanza ni watu wenye tabia ya kutolipa, au ambao kwa hadhi yao hawapaswi kulipa. Wa pili ni watu wanaodaiwa leo na huenda wakalipa kesho asubuhi. Mwenyekiti anayewakusudia wa pili hana umbo jingine ila amba-, na bado anachagua. Akilazimishwa kuamini kwamba amba- ni ya kuongeza, ama atabadilisha maana ili apate o-rejeshi, ama ataweka koma zisizohitajika na kuwatangaza wanachama wote kuwa wadaiwa.

Upande wa pili uko vivyo hivyo. O-rejeshi huongeza bila taabu: "Mwenyekiti wetu wa kwanza, aliyestaafu mwaka 2015, atafungua semina." Mwenyekiti wa kwanza ni mmoja tu, kwa hiyo maneno ya katikati ni ziada, na koma zake mbili zinastahili.

Ninachoweza kushauri ni mazoea, si kanuni. Unapochagua na wakati unakuruhusu, tumia o-rejeshi, kwa sababu inamshika mtu wake kwa karibu na haiiti koma. "Maafisa ugani waliopewa pikipiki hawatadai nauli" inateleza, na mkono hauoni pa kuweka alama. Amba- ni neno zima linalosimama peke yake, na mbele yake pana nafasi inayomvuta mwandishi aweke koma hata pasipohitajika. Kama unachagua kitu mtu alicho nacho, kuna njia fupi zaidi: "maafisa ugani wenye pikipiki". Ni nadra mtu kuweka koma kabla ya "wenye".

Kiswahili kinatusaidia kwa njia nyingine ambayo lugha nyingi hazina, nayo ni ngeli. Chukua barua ya mpango wa ukarabati: "Tutaezeka upya madarasa ya shule ambayo yameezuliwa na upepo." Neno "ambayo" linaweza kwenda kwa madarasa au kwa shule, lakini "yameezuliwa" linaturudisha kwa madarasa. Kama ingekuwa shule, tungeandika "imeezuliwa". Kwa hiyo ngeli inatuambia ni kitu gani kinaelezwa. Haituambii ni vingapi kati ya vitu hivyo. Tuseme shule ina madarasa manane na upepo umeezua matatu. Ukiweka koma baada ya "shule", sentensi inadai kwamba madarasa yote ya shule ile yameezuliwa. Hapa koma itakuwa moja tu, kwa sababu nukta ya mwisho inafanya kazi ya kufunga. Fundi atakayeandika makisio ya mabati kwa kuisoma barua hiyo ana haki ya kuhesabu manane.

"That", "which" na mtafsiri

Ofisi nyingi za Babati zinapokea sera kwa Kiingereza kutoka makao makuu au kwa wafadhili, kisha mtu mmoja pale ofisini anaandika barua ya Kiswahili kwa wengine. Hapo tofauti ya kuchagua na kuongeza inavuka daraja, na mara nyingi inaanguka njiani.

Kiingereza kina maneno mawili hapa, "that" na "which". Ndugu wawili wa Kiingereza, Henry na Francis Fowler, walilizungumzia jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1906. Baadaye, mwaka 1926, Henry alilieleza kwa urefu katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza. Alitamani waandishi wakubaliane hivi: "that" iwe ya kuchagua na isiwe na koma, "which" iwe ya kuongeza na iwe na koma. Yeye mwenyewe alikiri kwamba waandishi wengi, hata walio bora, hawafanyi hivyo. Wahariri wa Marekani waliipokea fikra hiyo na kuisimamia. Waingereza hawakuifuata kwa ukali. Kwao "that" haiongezi, lakini "which" huchagua na kuongeza, na koma ndiyo inayoamua. Kiingereza cha ofisi zetu kimetoka zaidi upande huo wa pili.

Kwa mtafsiri, matokeo yake ni haya. Makao makuu yanaandika kwa Kiingereza kwamba kompyuta za ofisi ambazo zina zaidi ya miaka minne zirudishwe, na wametumia "which" bila koma. Mtafsiri aliyekariri kwamba "which" ni ya kuongeza atatia koma mbili katika Kiswahili chake: "Kompyuta za ofisi, ambazo zina zaidi ya miaka minne, zirudishwe." Kompyuta zote zitapakiwa kwenye gari, pamoja na ile iliyonunuliwa mwaka jana. Kwa hiyo ukitafsiri, itazame koma ya Kiingereza kabla ya kulitazama neno. Koma haipo, chagua. Koma zipo, uliza kwanza kama aliyeziweka alizikusudia, kwa sababu naye ana pumzi zake. Kiswahili kitatoa "ambazo" kwa maneno yote mawili, na hakitakuokoa.

Nchini Kanada kesi ya aina hii ilifika kwenye tume inayosimamia mawasiliano. Kampuni ya Rogers ilikuwa na mkataba na kampuni ya Aliant wa kutumia nguzo za kupitishia nyaya. Kipengele kimoja, kwa Kiswahili, kilisema hivi: mkataba utadumu kwa miaka mitano, na baada ya hapo kwa vipindi vya miaka mitano mitano, isipokuwa ukivunjwa kwa taarifa ya mwaka mmoja. Rogers walielewa kwamba miaka mitano ya kwanza haiguswi, na kwamba ruhusa ya kuvunja inahusu vipindi vya baadaye tu. Aliant walionyesha koma ya pili. Koma hiyo, walisema, inafunga maneno ya katikati kama ziada, kwa hiyo ruhusa ya kuvunja inarudi nyuma mpaka miaka mitano ya kwanza. Mwaka 2006 tume ilikubaliana na Aliant. Rogers wakarudi na nakala ya Kifaransa ya mkataba wa mfano ulioidhinishwa na tume, ambayo maneno yake hayakuacha utata, na mwaka 2007 tume ikageuza uamuzi wake.

Mafunzo ya kesi hiyo yanatuhusu. Kwanza, koma ya kufunga inasomwa na wanasheria kwa maana ileile tuliyoiona kwenye barua ya pikipiki. Pili, kilichoondoa utata ni maneno ya lugha ya pili. Tanzania iko katika hali ya kufanana na hiyo. Tangu sheria ya marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, na maandishi mengi yaliyozaliwa kwa Kiingereza yanaletwa kwenye Kiswahili. Anayeyaleta ataamua, kwa koma au kwa maneno, kila "which" ilikuwa inawahusu wangapi.

Iseme kwa maneno

Mpaka hapa nimeitetea koma. Sasa nitasema kwa nini, katika barua ya sera, haitoshi.

Barua pepe ya ofisi ndogo haikai kwenye kompyuta. Mtu anainakili kwenye wasapu akiandika upya kwa kidole gumba, na koma zinadondoka. Mwingine anaisoma kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, na msikilizaji haoni alama, anasikia tu pumzi za msomaji. Mwingine anamsimulia mwenzake kwenye basi. Tofauti kati ya watu 9 na watu 14 haipaswi kutegemea alama ndogo namna hiyo. Koma iwekwe mahali pake kwa usahihi, kisha maneno yenyewe yabebe maana hata koma ikipotea.

Kiswahili kina maneno ya kazi hiyo. Kwa kuchagua tuna "wale" na "tu": "wale waliopewa pikipiki", "wale tu ambao wamepewa". Kwa kuongeza tuna "wote", lakini angalia linapokaa. "Maafisa ugani wote ambao wamepewa pikipiki" bado ni kuchagua, maana yake ni kila mmoja wa wale tisa. "Maafisa ugani, ambao wote wamepewa pikipiki" ni kuongeza, maana yake ni wote 14. Neno moja likiruka "ambao" linawavuta watu watano zaidi. Njia iliyo salama kuliko zote kwa habari ya ziada ni kuipa sentensi yake: "Maafisa ugani hawatadai nauli. Wote wamepewa pikipiki." Hapo hata asiyejua koma ni nini hatakosea, na kama habari si ya kweli, mwandishi mwenyewe atashtuka anapoiandika.

Kwa mkurugenzi yule sikuanza na kanuni. Nilimwomba asome barua yake tena, na kila akifika kwenye "ambao" ajiulize swali moja: waliobaki ni akina nani? Kama jibu ni "hakuna aliyebaki", maneno yale ni ya kuongeza, na koma mbili zikae. Kama jibu ni majina, maneno yale ni ya kuchagua, na koma ziondoke. Alinyamaza kidogo, kisha akamtazama yule kijana wa Dareda aliyekuwa bado amesimama.

"Waliobaki ni huyu," alisema, "na yule wa Galapo, na watatu wengine."

Swali lile lilikuwa limemwonyesha kitu zaidi ya koma. Barua yake ilikuwa na habari kwa tisa, na haikuwa na neno kwa watano. Kila sentensi inayochagua huacha watu nje, na wanaoachwa nje nao wanaisoma, tena kwa makini kuliko waliotajwa, kwa sababu wanatafuta fungu lao. Wasipolikuta wazi, watalitafuta ndani ya alama. Alikaa akaandika upya:

"Kuanzia tarehe 1 Julai, maafisa ugani 9 waliopewa pikipiki za ofisi hawatadai nauli za kwenda vijijini. Maafisa ugani 5 ambao bado hawajapewa pikipiki wataendelea kudai nauli kama kawaida."

Hesabu zimeingia, amba- imetumika pale -ja- ilipoilazimisha, na koma imebaki moja tu, ile isiyo na ubaya baada ya tarehe. Sentensi ya pili ndiyo iliyokosekana tangu mwanzo. Hata kama barua ya kwanza ingebaki na zile koma mbili mbaya, sentensi hiyo ingeizuia kupotosha, kwa maana hakuna ambaye angeweza kusoma kwamba wote wana pikipiki.

Mama aliituma palepale. Kijana akasikia simu yake ikilia mfukoni, akaitoa, akaisoma akiwa amesimama.

"Kwa hiyo, mama, nauli za wiki hii nidai?"

"Dai, mwanangu. Na kesho uende Dareda."